Picha Moja Kati ya 31

Mwenye nyumba mmoja wa Butembo aliniletea simu yake ikiwa na picha 31 za nyumba aliyotaka kupangisha. Ya kuweka mbele alikuwa ameshaichagua: salo yake, yenye viti vya mahameli vya rangi ya divai, pazia za nakshi na meza ya kioo. Kwa kweli ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Lakini viti vile vilikuwa vyake, na siku ya kuhama vingeondoka naye. Mtu wa kwanza kupiga simu baada ya kuiona alikuwa anatafuta nyumba yenye vyombo ndani. Wa pili vilevile. Wa tatu hakutaka nyumba kabisa, aliuliza bei ya viti.

Picha ya mbele ni ile moja ambayo mtu huiona kabla hajaamua kama atafungua nyingine. Kama wewe ni mwenye nyumba, au komisioneri unayemtafutia mpangaji, kazi yako si kutafuta picha nzuri. Unatafuta picha inayojibu swali la kwanza ambalo mpangaji wako angekuuliza kwenye simu. Kwa hiyo kabla ya kufungua picha hata moja, liandike swali hilo mahali.

Kwa nyumba nzima, maswali ya Butembo na Beni karibu ni yale yale, na huja kwa mpangilio huu: "Parseli ni ya peke yake ao kuko wapangaji wengine?" Kisha, "Maji iko?" Kisha, "Gari inaingia mpaka ndani?" Idadi ya vyumba watu huisoma katika maneno uliyoandika, na bei pia. Hakuna anayeanza na rangi ya ukuta. Mpangilio huu hubadilika kufuatana na anayetafuta. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa mlipuko wa Ebola, mashirika yalipokuja kukodi nyumba katika miji yetu miwili, swali la gari liliruka likawa la kwanza, na nyumba yenye lango pana iliipita nyumba yenye vigae vipya. Familia inayotafuta pa kukaa huanza na parseli, kwa sababu kushiriki ua ni kushiriki choo, kamba ya nguo, kelele za watoto na hesabu ya umeme.

Turudi kwa zile 31. Nilizigawa kwanza nijue nina nini: 9 za uso wa nyumba na ua, 6 za salo, 7 za vyumba, 3 za jiko, 2 za dushi, 2 za lango kutoka barabarani, na 2 za mlima unaoonekana kutoka barazani. Nyumba yenyewe ni ya matofali ya kuchoma, paa la manjanja ya buluu, vyumba vitatu, ukuta kuzunguka parseli yote, na tangi jeusi la maji ya mvua kwenye pembe.

Mkono wa kwanza wa kuchuja hauhitaji akili nyingi. Toa kila picha iliyotikisika, na kila picha yenye mtu. Mtoto wa jirani anayecheka kwenye kona anapendeza, lakini picha hii itapita mikononi mwa watu usiowajua, na yeye hakuombwa. Toa pia kila picha ambayo kinachoonekana zaidi ni kitu kisichopangishwa. Hapo salo ilipoteza picha 4 kati ya 6, na vyumba vikapoteza 5, kwa sababu vilijaa vitanda, masanduku na kalenda za kanisa. Za mlima zikatoka zote mbili. Mlima haukai ndani ya parseli, na katika Butembo karibu kila mtu ana mlima wake. Za dushi nazo zikatoka: dushi safi ni jambo la kuonyesha, lakini katika picha ya tano au ya sita. Uso wa nyumba ukapoteza 4, mbili kwa sababu ya nguo zilizoanikwa na mbili kwa sababu ya watoto. Zikabaki 14.

Mkono wa pili ndipo lile swali linapofanya kazi. Nilichukua kila moja ya zile 14 nikauliza: mtu akiona hii tu, bila neno lolote, atajua parseli ni ya peke yake? Jiko likatoka, vyumba vikatoka, salo ikatoka. Za lango kutoka barabarani zilinisimamisha kidogo. Zinaonyesha ukuta na lango, kwa hiyo zinajibu nusu ya swali. Lakini nyuma ya ukuta mmoja kunaweza kuwa na familia nne. Tena zina ubaya mwingine ambao katika miji yetu ni mkubwa kuliko wa kwanza. Picha ya lango kutoka nje inamwonyesha kila mtu nyumba ipo wapi: duka la jirani, nguzo ya umeme, kona ya barabara, maandishi ya ukutani. Wapangaji wema wataiona, na wengine pia wataiona. Katika mkoa ambao umekuwa chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, na ambako watu hulala wakisikiliza hatua za nje, sioni sababu ya kumpa mtu usiyemjua ramani ya mlango wako. Na kama katika picha ya barabara kuna askari, gari la jeshi au kizuizi, ifute kabisa hata kwenye simu.

Njia ya kutoka hapo ni rahisi, na ndiyo ninayowashauri wenye nyumba wote wa Beni wanaosema hawataki nyumba ijulikane ilipo. Simama ndani ya parseli, lango likiwa nyuma ya mgongo wako au ubavuni, na upige kuelekea nyumba. Picha kama hiyo inaonyesha ua, uso wa nyumba na ukuta wa mwisho, wala haionyeshi barabara. Inajibu swali bila kutoa anwani. Katika zile 31, picha za namna hiyo zilikuwa 5.

Hizo 5 zilifanana mpaka mwenye nyumba akasema tupige kura. Tulizitenganisha kwa mwanga. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: jua linatoka karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na saa sita mchana liko karibu juu ya kichwa. Wakati huo paa lenye ukingo mrefu hutupa kivuli cheusi juu ya baraza, mlango na madirisha. Simu haiwezi kushika manjanja yanayong'aa na kivuli hicho kwa pamoja, hivyo inachagua kimoja: paa linaunguzwa kuwa jeupe, au baraza linakuwa shimo. Nyumba ya saa sita mchana huonekana kama mtu aliyeshusha kofia mpaka kwenye pua. Ukifungua maelezo ya picha kwenye simu utaona saa iliyopigwa, na mara nyingi huhitaji hata kuangalia. Tazama chini ya ukingo wa paa: kama huoni kitasa cha mlango, iache.

Nyumba inayotazama mashariki inapendeza kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, inayotazama magharibi kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Katika Butembo ukungu wa asubuhi unaweza kukusogeza mbele saa moja hivi, na katika miezi ya mvua jioni si ya kutegemea. Inayonisumbua ni nyumba inayotazama kusini au kaskazini. Mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, na uso wa kusini haupati jua la moja kwa moja hata dakika moja kutwa nzima. Mwezi wa kumi na mbili ni kinyume chake. Kwa nyumba kama hiyo usingoje nusu mwaka. Chagua picha iliyopigwa siku ya mawingu mepesi, ambapo mwanga unatoka pande zote na hakuna kivuli kikali. Mbingu itakuwa nyeupe na isiyopendeza, basi chukua ile yenye mbingu kidogo.

Nyumba yetu inatazama mashariki. Picha 2 zilipigwa saa saba mchana, zikaanguka. Zikabaki 3.

Sasa zitazame kama mpangaji atakavyozitazama, maana wewe unaziangalia zikijaza simu yote na yeye hatazipata hivyo. Katika miji yetu nyumba husafiri kwa WhatsApp, kundi kwa kundi, na wengi wamezima upakuaji wa picha ili wasimalize megabaiti. Kabla hajagusa, anachoona ni kivuli cha picha chenye ukungu, rangi tupu na maumbo. Hapo vitasa na pazia havipo. Kilichopo ni bonge la buluu (paa), bonge la kahawia (tofali), ukanda wa kijani au mwekundu (ua). Picha ya mbele nzuri inaeleweka kuwa nyumba hata ikiwa katika hali hiyo. Jaribio lake halihitaji chombo: weka simu mezani, simama, rudi hatua mbili, finya macho. Ukiona nyumba yenye nafasi mbele yake, imepita. Ukiona mabaka tu, imeanguka. Moja kati ya zile 3 ilianguka hapo. Mti wa parachichi ulikuwa umekatiza katikati ya uso wa nyumba, na kwa ukungu ule nyumba ikawa kichaka.

Jaribio la mwisho ni la mkasi. Karibu kila mahali utakapoiweka, picha itakatwa kuwa mraba: kwenye Marketplace ya Facebook, na ndani ya WhatsApp ukituma picha nne au zaidi pamoja zikajipanga kama dirisha la vioo vinne. Mraba unakata pande mbili na kubakiza katikati. Picha ya kawaida ya simu iliyolala, ya 4:3, ukigawa upana wake sehemu nane, inapoteza sehemu moja kila upande. Hilo linavumilika. Lakini ukiwa umeweka kamera kwenye 16:9, kama watu wengi wanavyofanya kwa sababu inajaza kioo, mraba unakula karibu nusu ya upana wote. Usingoje programu ikukatie ndipo uone. Fungua sehemu ya kuhariri kwenye simu, chagua mraba, utazame kinachobaki, kisha ufunge bila kuhifadhi.

Hapo ndipo mshindi alipopatikana. Picha ya kwanza kati ya 2 zilizobaki ilipigwa kutoka mbele kabisa, nyumba ikiwa imenyooka kama picha ya pasipoti, na ilikuwa ya 16:9. Ilipokatwa, tangi la maji likatoka upande wa kushoto na ukuta wa parseli ukatoka upande wa kulia. Ikabaki nyumba isiyojulikana kama ina ua au haina. Ya pili ilipigwa kutoka pembe ya parseli, karibu na lango, kwa 4:3. Ndani ya mraba ulibaki uso wa nyumba ukiwa umegeuka kidogo, tangi jeusi nyuma ya bega lake, ukuta wa mwisho, na mbele yake udongo uliofagiliwa ambao mtu anaona wazi kwamba gari linaweza kusimama. Maswali yote matatu yalikuwa yamejibiwa. Mwenye nyumba alisema picha hiyo ni ya kawaida mno. Nikamwambia ndiyo, ni ya kawaida. Simu zilizofuata ziliuliza bei na siku ya kuja kuona, na hakuna aliyeuliza habari za viti.

Chumba kimoja katika parseli ya watu wengi ni habari nyingine, na hapo sheria ya ua inageuka. Tangu Goma ilipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uongozi wa mkoa ukahamia Beni, vyumba vya namna hiyo vinatafutwa sana: karani aliyehamishwa, mwanafunzi, familia iliyokimbia na inayotaka pa kuanzia. Anayetafuta chumba hana haja ya kuuliza kama parseli ni ya kushiriki, anajua. Swali lake la kwanza ni "Chumba kiko namna gani?", na maana yake ni ukubwa, sakafu, dari na dirisha. Picha ya ua yenye milango minane inamchanganya, hajui wa kwake ni upi. Picha ya mbele iwe ya ndani, chumba kikiwa kitupu, na ya ua ije ya pili ili asishangae akifika.

Katika picha za ndani, angalia dirisha liko wapi. Likiwa katikati ya picha na limewaka jeupe, chumba chote kimekuwa kiza, na hakuna kuhariri kutakakokiokoa. Chagua ile iliyopigwa kutoka kwenye kona, dirisha likiwa ubavuni, ambapo mwanga unatambaa juu ya sakafu na unaona kama saruji imepasuka au ni laini. Kisha hesabu pembe za chumba. Picha inayoonyesha pembe mbili za sakafu inampa mtu kipimo, na yenye ukuta mmoja tu haimpi kitu. Mlango ukionekana ni vizuri zaidi, kwa kuwa kila mtu anajua mlango una upana gani na atapima chumba kwa jicho.

Kuna kishawishi kimoja cha kukwepa, nacho ni ile lenzi pana ya simu mpya, inayoandikwa 0.5. Inachukua chumba cha mita tatu kwa tatu na kukigeuza ukumbi wa harusi. Utaitambua picha yake kwa kuta za pembeni zinazolala na kwa ndoo iliyo karibu na ukingo inayoonekana kama imevutwa. Mpangaji amelipa motari kutoka upande wa pili wa mji, anafungua mlango, anaona kitanda hakigeuki. Hatakwambia kitu, atasema "nitakupigia", na huyo umempoteza pamoja na wale atakaowasimulia. Kuongeza mwanga kidogo ni halali. Kufuta ufa ukutani, au kukata picha ili korongo lililo nyuma ya nyumba lisionekane, si halali. Katika milima ya Butembo korongo si jambo la kuficha, mtu ana haki ya kulijua kabla ya kuleta watoto.

Ukishaipata picha yako, itume peke yake kwanza, na maneno yote uyaandike chini yake: vyumba vingapi, kata gani bila kutaja njia, bei kwa dola, garanti ya miezi mingapi, namba ya simu. Zile nyingine tano au sita zifuate. Sababu ni kwamba komisioneri mwingine atakayeipeleka mbele mara nyingi hupeleka moja tu, na ikienda bila maneno inakuwa nyumba isiyo na mwenyewe. Usichape namba yako kubwa nyekundu katikati ya paa. Ukilazimika, iweke juu kwenye mbingu, karibu na katikati, ili mkasi wa mraba usiikate. Tuma kama picha ya kawaida, usitume kama dokumenti: WhatsApp ikituma picha ya kawaida huondoa alama ya mahali iliyofichwa ndani yake, na ikitumwa kama dokumenti alama hiyo inaweza kusafiri nayo mpaka kwa mtu wa mwisho.

Nyumba ikishapata mtu, rudi kila ulikoiweka, uifute siku hiyo hiyo, na uandike katika makundi kwamba imechukuliwa. Picha nzuri ya nyumba isiyopangishwa tena ndiyo matapeli wanayoitafuta: wataichukua, wataandika bei ndogo na namba yao, kisha watamtoza mtu aliyetoka mbali pesa za kwenda kuiona.